"Data zinapatikana ukiziomba" haitoshi kabisa

Kuna sentensi moja inayokaa mwishoni mwa makala nyingi za utafiti ambayo mimi ningekuwa mhariri ningeikataa kila nikiiona: "Data zinapatikana kwa mwandishi ukiziomba." Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowaandikia waandishi wa makala 1,792 zilizoahidi kutoa data, wakaziomba kweli, na waandishi waliozitoa hawakufika hata asilimia 7, wengine wengi hawakujibu chochote. Yaani ahadi ipo, imeandikwa, ila msomaji hana cha kushika.

Lakini ukiniuliza, data kufichwa ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine, ambayo haisemwi sana, ni kwamba unaweza kuwa na data mkononi na bado usifike kwenye namba iliyochapishwa, kwa sababu hakuna aliyekwambia nini kiliachwa nje na wastani ulipigwaje.

Chukua kesi ya Reinhart na Rogoff. Mwaka 2010 hawa wachumi wawili walichapisha kwamba nchi tajiri ambazo deni la serikali lilizidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao baada ya vita kuu ya pili ulikua kwa wastani wa asilimia -0.1 kwa mwaka, yaani ulisinyaa, na wanasiasa wakaibeba hiyo namba kutetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu pale Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akajaribu kuirudia kwa data zilizokuwa wazi, ikagoma. Akawaomba lile jedwali lenyewe la Excel na wakampa, hilo wanastahili sifa, na mwaka 2013 yeye na walimu wake Ash na Pollin wakatoa majibu: wastani ni asilimia 2.2.

Kilichovuma mitandaoni ni kosa la fomula:

```
=AVERAGE(L30:L44)
```

Ilitakiwa ifike mstari wa 49, kwa hiyo nchi 5 za mwanzo wa alfabeti, kuanzia Australia hadi Denmark, ambazo zilikaa chini kabisa ya jedwali, hazikuhesabiwa. Kila mtu akacheka Excel. Ila lile kosa peke yake lilishusha wastani kwa kama asilimia 0.3 tu, na kutoka 2.2 hadi -0.1 ni safari ndefu kuliko hiyo, sasa kilichobaki kilitoka wapi?

Angalia New Zealand. Ilikuwa na miaka 5 ya deni zaidi ya asilimia 90, yaani 1946 hadi 1949 na 1951. Ile minne ya mwanzo haikuingizwa, ukabaki 1951 peke yake, mwaka ambao uchumi ulianguka kwa asilimia 7.6. Wangeweka yote mitano wastani wa nchi hiyo ungekuwa chanya, asilimia 2.6 hivi. Halafu kila nchi ikapewa uzito sawa, kwa hiyo ule mwaka mmoja wa New Zealand ukawa na kura sawa na miaka 19 ya Uingereza iliyokua kwa asilimia 2.4. Zilibaki nchi 7 kwenye kundi, gawanya -7.6 kwa 7, unaona mwaka mmoja umevuta jibu zima chini kwa zaidi ya asilimia 1.

Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula ila uzito wakautetea, na kweli kuna hoja ya kuzipa nchi uzito sawa, sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba huo ni uamuzi, na msomaji anatakiwa auone ili aweze kuupinga au kuukubali, asisubiri mpaka mtu apewe faili baada ya miaka 3.

Kwa hiyo tamko la data ninaloliheshimu linasema hivi: data ghafi ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo, kiungo cha kudumu cha DOI ni hiki, toleo hili, msimbo huu ukiuendesha unatoa jedwali la 2, tumeondoa nchi hizi, miaka hii, kwa sababu hii, wastani tumeupima kwa nchi na sio kwa mwaka. Mistari minne mitano tu.

Najua data za wagonjwa haziwezi kumwagwa hadharani, sawa, na hapo sidai faili. Taja basi kamati inayotoa ruhusa na masharti yake, weka msimbo wazi, weka maelezo ya kila safu, na useme umeanza na wagonjwa wangapi na umeondoa wangapi kila hatua na kwa nini. Labda kundi liwe dogo mno kiasi kwamba mtu anaweza kutambulika, ila zaidi ya hapo sioni hiyo hesabu inamdhuru mgonjwa gani.