Ile foleni ya Ubungo haikuwepo

Mchanga ndio uliomchongea. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jumamosi moja aliingia ndani saa 2:20 usiku, akasema foleni ya Ubungo siku hiyo haikuwa na mfano. Nikampa pole, nikamwambia chakula kiko kwenye hotpoti. Asubuhi yake nasogeza viatu barazani nifagie, raba zake zikamwaga mchanga mweupe, mlaini. Sinza anakosoma tuisheni hakuna mchanga wa namna hiyo. Ule ni wa baharini.

Nikamuuliza, "Mwanangu, jana mlisomea ufukweni?" Akanitazama, akaanza kulia. Kumbe tuisheni hakukanyaga kabisa. Walikwenda Coco Beach, bethdei ya mwenzao, wakala mihogo na mishikaki, wakapiga picha hadi giza likaingia. Kurudi, alipanda bajaji mpaka Morocco, kisha mwendokasi mpaka Kimara. Ubungo alipita, lakini ndani ya basi lenye njia yake lenyewe. Foleni aliiona dirishani.

Baba yake alimnyang'anya simu na kusimamisha tuisheni. Mama mkwe akapiga kutoka Tanga kusema mtoto wa kike analindwa, hajadiliwi. Mimi nami nilikasirika, sitajifanya mtakatifu. Lakini kilichoninyima usingizi ni ule wepesi wake. Hakubabaika wala hakujikanyaga. Alisema "foleni" nami nikaenda kumpashia chakula.

Basi nikakaa nikapiga hesabu ya safari yake, jambo nililopaswa kulifanya siku tuliyoweka sheria. Sheria yetu ilikuwa hii: saa 12 jioni uwe ndani. Tuisheni inaisha saa 11. Toa dakika 10 za kusubiri daladala, dakika 20 hadi 40 za kufika Ubungo, mwendokasi wa kwenda Kimara ambao jioni unaweza kuacha mabasi mawili yapite ndipo upate pa kusimama, halafu robo saa ya kupanda kilima kwa miguu. Siku nzuri sana anafika saa 12:15. Siku ya kawaida, saa moja kasoro. Yaani kwa miezi minane mtoto huyu amevunja sheria yetu karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi amesema "foleni," na kila Jumamosi nimekubali kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa hiyo siku aliyokwenda baharini hakuhitaji kutunga chochote. Neno la kupitia nilikuwa nimeshampa mwenyewe. Sheria isiyotimizika haimcheleweshi mtoto wala haimuwahishi, inamzoesha tu kuwa na maelezo. Na mzazi naye anazoea kuyapokea bila kuyasikiliza.

Nikajiuliza pia ile saa 12 tuliitoa wapi. Jibu la kweli ni magharibi. Kwetu Dar jua huzama karibu saa 12:15 mwezi Juni na karibu saa 12:45 mwezi Februari, na giza halichelewi kuingia. Nilikulia Tanga na sheria hiyohiyo, ila mimi nilikuwa nikicheza nyumba ya tatu kutoka kwetu, sikuwa na magari mawili ya kupanda. Na tuseme lisilosemwa: nyuma ya ile saa 12 kuna hofu ya mimba. Lakini mimba haina saa. Mtu mzima mwenye nia mbaya humpata mtoto saa 9 alasiri, nyumba zikiwa tupu na wazazi wako kazini. Ile saa yetu ilikuwa inamlinda na giza la barabarani, nasi tukaipa kazi ya kulinda kila kitu.

Mwaka 2000 watafiti wawili waliofanya kazi Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha matokeo ambayo mimi yalinigusa. Walitaka kujua wazazi wanaofahamu nyendo za vijana wao wanazipata wapi habari hizo. Wakakuta sehemu kubwa haitoki kwenye kuhojihoji wala kwenye masharti, bali kwa kijana mwenyewe kupenda kusema. Sweden si Kimara, najua. Ila nilipojikagua niliona kwamba kila nilichokuwa nakijua kuhusu Jumamosi zake kilitoka kinywani mwake, na kinywa hicho nilikuwa nimekifundisha neno moja tu.

Tuliketi watatu, siku ya nne baada ya hasira kupoa. Sikuanza na saa. Nilimwambia aeleze safari, kituo kwa kituo, na ni wapi yeye mwenyewe anaogopa. Nilitegemea aseme Ubungo. Akasema ni kile kilima cha nyumbani, pale kwenye banda la bodaboda taa ilipoungua, kuna wakaka wanaomwita. Miezi minane hakuwahi kusema, maana angesema, tungepunguza saa.

Hapo mazungumzo yakabadilika. Tukaacha kupatana juu ya saa ya kufika, tukapatana saa ya kuondoka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwake. Tuisheni na simu tukamrudishia. Tuisheni ikiisha, saa 11:15 awe kituoni. Akifika Ubungo anatuma ujumbe. Kimara mmoja wetu anashuka kumpokea, baba yake au mimi. Siku za mwaliko, mara mbili kwa mwezi, anasema yuko kwa nani na mtu mzima gani yupo, na anaondoka huko saa 12:30. Akikwama popote, hata pale alipokatazwa, apige: tutamfuata, na maswali yatasubiri kesho yake. Hilo la mwisho baba yake alilipinga sana. Nilimuuliza angependa mtoto achague nini akiwa amekwama saa 3 usiku na anaogopa kipigo. Hakunijibu, ila aliacha kupinga.

Yapo yasiyojadiliwa, na tulimwambia hivyo bila kuzunguka. Kulala nje bila sisi kuongea na mzazi wa huko, hapana. Lifti ya mtu tusiyemjua, hapana. Na zawadi isiyo na maelezo, simu mpya au pesa, hiyo si habari ya kuchelewa tena. Hapo mzazi aache kuhesabu dakika, atafute ni nani mtu mzima aliye nyuma yake, kwa sababu mwenye kosa kisheria ni huyo.

Wiki ya pili alichelewa dakika 40 bila ujumbe. Alisema simu iliishiwa chaji. Zamani ningekubali au ningefoka. Safari hii tulifuata tuliyopatana: mwaliko uliofuata aliondoka dakika 40 mapema, basi, na nikamnunulia pawabenki ya bei ndogo. Alinung'unika kuhusu zile dakika kuliko alivyowahi kulalamikia simu kuchukuliwa. Nadhani ni kwa sababu safari hii hakuwa na la kubisha.

Ila alituuliza swali moja lililotukalisha kimya. Kaka yake ana miaka 18, anarudi saa 4 usiku na hakuna aliyewahi kumuuliza anatoka wapi. "Bodaboda zinagonga wasichana tu, Mama?" Mume wangu alianza kueleza tofauti, akaishia katikati. Ni kweli hatari zao si sawa, na sitajidai vinginevyo. Lakini kuaga na kutuma ujumbe hakuna jinsia. Kwa hiyo na kaka mtu sasa anaaga. Amenuna tangu Jumatatu.