Picha mbili za mtoto mmoja: ya njano na nyeupe

"Mtoto wangu ana siku nne. Naona macho yake kama yana unjano, dada anasema ni taa tu. Nimempiga picha mbili kwa simu: moja imetoka ya njano, nyingine nyeupe kabisa. Niamini ipi?"

Ile nyeupe ndiyo ya kuogopa zaidi. Picha ya njano ikidanganya, hasara yake ni nauli ya kwenda zahanati bure. Nyeupe ikidanganya, mtoto anabaki nyumbani huku bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye damu, ikipanda, na ikipanda sana huweza kuingia kwenye ubongo na kuuharibu.

Simu haipokei rangi kama ilivyo. Kila unapopiga picha, inakisia taa ni ya rangi gani, kisha inaiondoa rangi hiyo ili cheupe kionekane cheupe. Ukisogeza simu hadi uso wa mtoto ujaze kioo, na uso wenyewe ni wa njano, simu huweza kudhani unjano huo ni wa taa na kuufuta. Kinyume chake, balbu ya njano, pazia la rangi ya machungwa au kanga ya njano aliyofunikwa nayo humpaka rangi mtoto mzima asiye na tatizo. Filta za urembo ni balaa jingine: kazi yake ni kung'arisha ngozi na macho.

Njia ya kutenganisha taa na mtoto ni kuweka karatasi nyeupe isiyo na mistari kando ya shavu, kwenye picha hiyohiyo na mwanga uleule. Tuseme programu ya kuhariri picha inaonyesha karatasi ina nyekundu 240 na buluu 180: buluu ni robo tatu ya nyekundu, maana yake taa ina unjano. Weupe wa jicho ukisoma 200 kwa 150, nao ni robo tatu, basi unjano ule ni wa taa. Ukisoma 200 kwa 120, buluu imeshuka hadi 0.60 ya nyekundu, chini ya 0.75 ya karatasi, na taa peke yake haielezi upungufu huo. Hata hivyo usigeuze namba hizi kuwa kipimo cha damu. Simu hukoroga namba kabla ya kuhifadhi picha, na hata jicho lenye afya si jeupe kama karatasi.

Kwenye ngozi nyeusi tatizo ni la ndani zaidi. Bilirubini huonekana njano kwa sababu inameza mwanga wa buluu, na melanini, rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, nayo humeza buluu kwa wingi. Unjano unaongezeka mahali ambapo buluu ilikuwa imeshapungua, kwa hiyo jicho la mtazamaji halioni tofauti kubwa. Kwa mtoto mweupe unjano wa ngozi huanza kuonekana bilirubini ikifika karibu mikromoli 85 kwa lita. Kwa mweusi inaweza kupita hapo bila ngozi kusema kitu. Ndiyo maana mkunga hubonyeza paji la uso au kifua kwa kidole, akaachia na kutazama rangi kabla damu haijarudi, kisha akaangalia fizi na weupe wa macho. Picha haibonyezi.

Macho nayo yana mitego, hasa kwa watu wazima. Weusi wengi wana madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho, au mafuta yenye unjano upande wa pua. Manjano halisi husambaa jicho zima, hayakai doa doa. Na aliyekula karoti au maboga kwa wingi huweza kuwa na viganja vya njano huku macho yakibaki meupe.

Wanaotetea picha wana hoja. Watafiti wa chuo cha University College London walipeleka Ghana programu ya simu inayosoma weupe wa jicho la mtoto mchanga, mahali pasipo na melanini ya ngozi. Inapiga picha mbili, yenye flashi na isiyo nayo, kisha inatoa moja kwenye nyingine ili mwanga wa chumba uondoke. Lakini hiyo ni picha iliyopigwa kwa utaratibu maalumu na kulinganishwa na vipimo vya damu, si ile uliyomtumia shangazi Watsapu.

Kwa mtoto wa siku nne, piga nyingine mchana, kando ya dirisha, bila flashi wala filta, wakati amefumbua macho kunyonya. Mtumie mkunga ukiweza, ila mpeleke akapimwe bilirubini hata ikitoka nyeupe, maana wewe umeshauona unjano kwa macho yako. Akiwa mlegevu, anakataa kunyonya, analia kwa sauti kali, anajipinda mgongo, au choo chake kimepauka, nenda sasa hivi. Na unjano wowote ndani ya saa 24 za kwanza hausubiri picha.