Panda, Pokea, Pona? Mchungaji hakuhubiri hivyo

Jumapili jioni nafungua grupu la wasapu la kikundi chetu cha nyumbani, nakuta mtu ametupia muhtasari wa mahubiri kuhusu Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mkuyu: PANDA, POKEA, PONA. Chini yake, matumizi, yaani sisi tukafanye nini: "Tumtafute Bwana kwa bidii." Basi. Jamani, mchungaji wa watu kasimama pale karibu saa nzima jasho linamtoka, sisi tumeondoka na P tatu?

Haya, watoto wa sande skuli wapewe hizo P, watakariri. Sisi watu wazima hapana.

Notsi zangu ninazo. Nusu ukurasa ni ule utani wa mtu mfupi juu ya mkuyu, kanisa zima lilicheka ndo maana kila mtu kauandika, lakini nikipitia naona kuna sentensi nimeiandika mara tatu bila kujua, kwa sababu mchungaji alikuwa anairudia: wokovu wa Zakayo ulifika mpaka mfukoni. Hoja kuu ndo hiyo, utani nikaukata. Na hoja naiandika sentensi nzima, maana ukiandika "Toba" tu, Jumatano anayeongoza somo ataeleza toba anayoijua yeye. Nikaandika: Aliyeokoka hurudisha alichodhulumu, Luka 19:8.

Kuna andiko lingine alilitaja mbiombio, mimi nimeandika Kutoka 20:1. Nafungua, nakuta mwanzo wa Amri Kumi! Ningetuma hivyohivyo ningechekwa. Kumbe ni 22:1, aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza alipe kondoo wanne kwa mmoja, na ile "mara nne" ambayo Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu inafanana kabisa na hiyo. Sasa linganisha na Hesabu 5:7, aliyeungama anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano tu. Yaani huyu bwana kajipimia adhabu ya mwizi wa kondoo mwenyewe! Ila hiyo ya Hesabu mchungaji hakuitaja, nimeiweka kwenye mabano nikaandika "nyongeza yangu", nisimlishe mtu maneno.

Kwenye matumizi ndo huwa tunaharibu. Yatoke kwenye mstari uleule wa hoja, na mtu akisoma ajue afanye nini, kwa nani, lini. "Kwa bidii" naipimaje? Mimi niliweka: kabla ya Jumamosi, mtafute mtu mmoja ambaye una kitu chake, mrudishie, na kama alipata hasara ongeza.

Jumatano tukasoma hiyo. Kimya. Fundi cherehani wetu kaangalia miguu yake weee, mwisho akauliza taratibu, "Na vile vitambaa vya wateja vinavyobaki, ndugu zangu, navyo vinahesabika?" Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyeshonewa gauni Pasaka kamgeukia, akamuuliza kilibaki mita ngapi.