Biskuti Hewa ya Kamanga

Kampuni moja iliyokuwa imeingiza biskuti mpya Mwanza ilitaka kujua ni watu wangapi wanaoifahamu, kabla haijaamua kama iongeze matangazo ya redio au isubiri kwanza. Fedha iliyotengwa ilitosha kuhoji watu 100 tu mtaani, nami nikapewa kazi ya kuandaa dodoso na kuwasimamia vijana wawili wa kuhoji.

Dodoso la namna hii lina mpangilio usiovunjwa. Kwanza mhojiwa huombwa ataje biskuti anazozijua bila kusaidiwa kwa namna yoyote, na mhojaji huandika majina kwa mfuatano uleule yalivyotoka mdomoni, kwa sababu jina linalotangulia ndilo lililokaa karibu zaidi kichwani. Baada ya hapo ndipo husomewa orodha na kuulizwa kuhusu kila jina: hili umewahi kulisikia? Ukianza na orodha umeshamfundisha majibu.

Katika orodha hiyo nilichomeka jina nililolitunga mwenyewe, Zaluma, biskuti ambayo haijawahi kuokwa popote. Watu wetu ni waungwana. Hawapendi kumvunja moyo kijana aliyesimama juani na makaratasi, kwa hiyo huitikia "ndiyo" hata wasichokijua. Idadi ya wanaoifahamu biskuti hewa hukuonyesha ni adabu kiasi gani imejificha ndani ya hesabu za biskuti halisi.

Asubuhi tulianzia mjini, mitaa ya Makoroboi, tukapata watu 40 bila tatizo. Mchana tukahamia kwenye kivuko cha Kamanga, ambako abiria wa kuelekea Sengerema hukaa wakisubiri, na mtu anayesubiri kivuko ana muda wa kujibu hata maswali ya sensa. Nilisimama hatua chache nyuma ya mhojaji wangu, ambaye alikuwa akimsomea orodha mama mmoja mwenye beseni la vitunguu.

"Zaluma, mama, umewahi kuisikia?"

"Zaluma? Si ile ya pakiti nyekundu, mwanangu?"

Kijana alinitupia jicho. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Akauliza, kama dodoso lilivyoagiza, aliila lini mara ya mwisho.

"Kwenye msiba, mwezi uliopita. Ila siku hizi wameipunguza unene, na mkamwambie mwenye kampuni kwamba sukari imezidi."

Mzee aliyeketi kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikohoa kidogo. "Sukari haijazidi, mama. Uliyokula wewe ilikuwa feki."

Benchi zima likaingia kwenye mjadala wa Zaluma halisi na Zaluma feki. Mwingine alidai halisi hutambulika kwa harufu. Niliwaamuru vijana wahame benchi, lakini jina lilikuwa limeshatembea kuliko sisi.

Jioni, nilipojumlisha, biskuti ya mteja ilikuwa imetajwa bila kusaidiwa na watu 4, na Zaluma na watu 9. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba kazi imechafuka. Mtu kuikubali biskuti hewa akisomewa jina lake ni adabu, lakini kuitaja mwenyewe kabla ya kusomewa orodha haiwezekani, isipokuwa amelisikia kwa jirani aliyehojiwa kabla yake. Kwa kuwa kila dodoso huandikwa mahali na saa, niliyapanga kwa mfuatano, nikakuta wote 9 ni wa Kamanga, tena wote baada ya mama wa vitunguu. Yale 60 ya kivukoni nikayaweka kando.

Yakabaki 40 ya Makoroboi. Kwa kusomewa orodha, waliosema wanaijua biskuti ya mteja walikuwa 14, na waliosema wanaijua Zaluma walikuwa 9. Kwa hiyo kilichosimama bila mkongojo wa adabu ni tofauti ya watu 5 kati ya 40, na kwa kundi dogo kama hilo hata hiyo tofauti inaweza kuwa bahati tu. Niliandika kwamba watu wengi bado hawaijui, na kwamba tukirudia kivukoni tumhoji kila mtu pembeni, mbali na masikio ya benchi.

Meneja mauzo hakufika kwenye maelezo hayo. Aliishia kwenye jedwali la kwanza, akanipigia simu usiku akitaka kujua huyu Zaluma ni nani, kiwanda chake kiko wapi, na kwa nini mawakala wake wa Mwanza hawakumpa taarifa. Nilimweleza taratibu kwamba Zaluma haipo, kwamba niliitunga mezani kwangu. Akanyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika.

"Sasa," akasema, "hilo jina limeshasajiliwa BRELA, au bado liko wazi?"