Siku nilipodai fagio elfu tatu

Jamani hii imenitokea mimi mwenyewe na mpaka leo ofisini nikipita na fagio watu wanacheka.

Nilitumwa kununua vitu vya ofisi, hela natoa mfukoni halafu nadai kwa risiti. Vitu vitano tu, fagio, betri, misumari, rimu za karatasi na sabuni. Nikapiga picha risiti, nikaipitisha kwenye programu ya simu inayosoma maandishi, nikakopi, nikapesti kwenye jedwali nililoomba kwa jamaa yangu mmoja. Mambo ya kuchapa namba moja moja ni ya wazee, ndo nilivyojiambia.

Sasa ile risiti iliandika hivi, FAGIO 3.000 x 200, halafu mwisho wa mstari 600. Mashine zingine za kaunta zinaweka desimali tatu kwenye idadi kwa sababu zinauza na vitu vya kupima kwa kilo. Mimi ile 600 nikaona ya nini, nikafuta safu nzima ya jumla za mistari, si jedwali litazidisha lenyewe, nani anamuamini keshia. Hapo ndo nilijichimbia kaburi.

Ni hivi, jedwali la jamaa lilikuwa limesetiwa kwa mtindo wa Kijerumani, huko nukta inatenganisha maelfu na mkato ndo desimali. Kwa hiyo 3.000 haikuwa tatu, ilikuwa elfu tatu. Betri mbili zikawa elfu mbili, rimu nne elfu nne, na mimi nimebonyeza kutuma saa kumi na moja jioni bila hata kuangalia chini, kesho yake asubuhi simu inaita.

"Mwanangu, hizi fagio elfu tatu umeziweka wapi?"

Mama mhasibu huyo. Nikacheka nikajua ananitania.

"Na huu unga tani mbili, umeuandika Chakula, kwani tunafungua jeshi?"

Unga?! Nikafungua jedwali jasho linanitoka. Kumbe risiti imekata majina, imeandika SAB UNGA 1KG, mimi nimeona unga nikaweka kundi la Chakula fasta. Ni sabuni ya unga jamani, tena pakiti mbili.

Jumla ya madai yangu ilisoma 3,904,500. Risiti inasema 3,700.

"Na hii Chenji 300 ndo bidhaa gani? Na Taslimu 4,000 umenunua ya rangi gani?"

Programu ilisoma mpaka mistari ya chini, hela niliyotoa na chenji niliyorudishiwa, yote nikaipa kundi la Mengineyo. Yaani nilikuwa nadai ofisi inilipe chenji ambayo tayari ninayo mfukoni.

Nikakaa chini kurekebisha. Kitu kimoja kikanishangaza, nilibadilisha mpangilio wa jedwali na zile elfu tatu zikabaki elfu tatu, maana zilishaingia kama namba hiyo, ikabidi nifute nipesti upya, safari hii bila Chenji na Taslimu. Nikarudisha ile safu niliyoitupa, jumla za mistari kama zilivyo kwenye risiti, nikaiweka kwenye safu ya E, idadi ikiwa C na bei D, pembeni nikaandika:

```
=C2*D2-E2
```

Mistari yote mitano ikatoa sifuri, raha. Ila nikijumlisha napata 4,100 na risiti inasema 3,700, tofauti 400. Nimezunguka nusu saa. Halafu nikaona 400 ni mara mbili ya 200, na chini ya rimu kuna mstari wa PUNGUZO 200. Kwenye picha nikavuta karibu, pale risiti ilipokunjwa kuna kakistari kamefifia, 200-, mashine iliweka alama ya kutoa mwishoni na programu haikuiona, kwa hiyo badala ya kupunguza nikaongeza. Nikalitoa kwenye rimu maana ni punguzo lake, rimu zikashuka kutoka 2,000 hadi 1,800. Usafi ukawa 1,100, vifaa vya ofisi na betri zake 2,100, ukarabati 500. Ikagonga 3,700 kavukavu, nilitaka kupiga vigelegele.

Nikatuma kwa kifua mbele. Dakika tano simu tena.

"Mwanangu, fagio tatu nimeona, ahsante. Sasa hii misumari, idadi 1.25."

"Ndiyo mama."

"Msumari mmoja na robo. Hiyo robo waliikata kwa msumeno au uliing'ata mwenyewe?"

Ni kilo ile! Kilo moja na robo! Nikarudi kuongeza safu ya kipimo, nasikia upande wa pili wa simu ofisi nzima inacheka, kumbe kaniweka spika.