Seli B3 na pengo la matrilioni

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kijana wa takwimu kwenye timu iliyokuwa ikiandaa mpango wa uchumi. Ofisi siitaji, wengine tuliokuwa nao bado wanakula mkate wao pale pale. Kazi yangu ilikuwa jedwali moja dogo la Ekseli, la kuonyesha tunahitaji fedha kiasi gani kutoka nje ili uchumi ukue kwa asilimia 8 kwa mwaka. Lilikuwa na mistari minne tu:

```
B2  8%         lengo la ukuaji
B3  4          uwiano wa mtaji na pato
B4  20%        akiba ya ndani
B5  =B2*B3-B4  pengo
```

Jibu likatoka asilimia 12 ya pato la taifa. Nikampelekea mkuu wangu nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kabla ya saa sita. Akaitazama karatasi, akavua miwani.

"Kijana, pengo hili nani wa kulijaza?"

Nikamwambia ndivyo hesabu inavyosema, mzee.

"Hesabu haisemi. Hawa wafadhili wametuonyesha dalili ya asilimia 3. Sogea."

Akakaa kwenye kiti changu, akafungua `Goal Seek`, akaiagiza B5 iwe asilimia 3 kwa kubadilisha B3. Mashine ikafikiri kidogo, ikaleta 2.875. "Andika 2.9," akasema, akaenda kunywa chai. Basi ndani ya dakika moja nchi yetu ikawa inazalisha kwa ufanisi mkubwa kuliko jana yake, na hakuna hata mota moja iliyowashwa.

Nimekuwa nikiikumbuka seli ile kila ninaposoma ripoti yenye maneno "pengo la ufadhili". Maoni yangu ni haya: katika hesabu hii watu hubishania lengo na hubishania akiba, lakini namba inayoamua kila kitu ni ile ya katikati, ambayo haina mwenyewe.

Kwa asiyeizoea, hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme tumeona kwamba kuongeza shilingi 1 kwenye pato la kila mwaka kunahitaji mtaji mpya wa shilingi 4: mashine, majengo, barabara, nguzo za umeme. Hiyo 4 ndiyo uwiano. Ukitaka pato likue kwa asilimia 8, unahitaji kuwekeza mara nne ya hiyo, yaani asilimia 32 ya pato. Wananchi na serikali wakiweka akiba ya asilimia 20, zinabaki asilimia 12 za kutafuta kwingine. Wachumi huiandika `g = s/v`: ukuaji ni akiba ukigawanya kwa uwiano. Roy Harrod aliifikia mwaka 1939, Evsey Domar akaifikia kwa njia yake mwaka 1946, na ndiyo maana imebeba majina ya wote wawili.

Sasa tazama jinsi pengo linavyotikisika. Chukua nchi ya kubuni yenye pato la shilingi trilioni 200. Kwa uwiano wa 4, pengo ni trilioni 24. Ukiushusha hadi 3.5, uwekezaji unaotakiwa ni asilimia 28 na pengo linabaki trilioni 16. Ukiupandisha hadi 5, pengo ni trilioni 40. Kutoka 3.5 hadi 5 uwiano haujaongezeka hata kwa nusu, lakini pengo limezidi maradufu, maana pengo ni mabaki baada ya kutoa akiba, na mabaki siku zote huyumba kuliko kile yalikotolewa. Ukisogeza B3 kwa 0.1 tu, kwa lengo la asilimia 8, unasogeza trilioni 1.6. Sijui mtu aliyewahi kuitwa bungeni kueleza tarakimu moja baada ya nukta.

Namba hiyo hutoka wapi? Kwa kawaida unachukua wastani wa uwekezaji kama asilimia ya pato kwa miaka kadhaa, unaugawanya kwa wastani wa ukuaji wa miaka hiyo. Uwekezaji wa asilimia 24 na ukuaji wa asilimia 6 unakupa 4. Usijaribu kufanya hivyo kwa mwaka mmoja. Mvua zikigoma ukuaji ukashuka hadi asilimia 2 wakati uwekezaji ni ule ule wa 24, uwiano unaruka hadi 12, kana kwamba mashine zote nchini zimezeeka kwa msimu mmoja. Hata hizo 24 zenyewe si mtaji mpya wote, kwani sehemu yake inaziba tu kilichochakaa, na uchumi unaokua polepole huonekana mzembe zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya uwekezaji wake ni viraka.

Lakini hata ukichukua wastani wa miaka kumi, hujapima tabia ya mashine. Hili nililielewa kijijini kuliko darasani.

Mjomba wangu alinunua mashine ya kusaga. Mota, kinu, kibanda na kuvuta umeme, vyote vikamla shilingi milioni 9. Alisaga debe 25 kwa siku kwa shilingi 1,000 debe. Umeme, grisi, mkanda na chekeche vilichukua 600 kwa kila debe, zikabaki 400. Kwa siku ni 10,000, na kwa siku 300 za kazi ni milioni 3 kwa mwaka. (Posho ya kijana wa mashine siitoi hapo, maana kipato chake nacho ni sehemu ya pato.) Milioni 9 kwa milioni 3: uwiano wa 3. Mchumi yeyote angefurahi.

Mwaka uliofuata jirani yake akaona, akanunua mashine ile ile, kwa bei ile ile. Kijiji lakini hakikuwa na mahindi zaidi. Debe za kijiji kizima zilipanda kutoka 25 hadi 30, kwa sababu kina mama wachache waliokuwa wakienda kusaga mbali sasa walibaki. Debe 5 mara 400 mara siku 300 ni laki 6 kwa mwaka. Milioni 9 kwa laki 6 ni uwiano wa 15. Ukizijumlisha mashine mbili unapata milioni 18 kwa milioni 3.6, yaani 5, na hiyo 5 ndiyo ingeingia kwenye ripoti, ingawa hakuna mashine hata moja kijijini yenye uwiano wa 5. Ya kwanza ni 3, ya pili ni 15, na kilichozitofautisha ni mahindi. Mota hazina tofauti yoyote.

Ukitaka mfano mkubwa, nenda Morogoro. Kiwanda cha viatu kilichojengwa pale kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 1970 kilikusudiwa kuuza hadi Ulaya. Hakikupata kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake. Kwenye jedwali la mipango, mashine zile ziliingia kama uwekezaji halali, shilingi kwa shilingi, na zikagawanywa kwa uwiano ule ule kama vile zingefanya kazi zote.

Ajabu ni kwamba Domar mwenyewe hakuikusudia hesabu hii kwa nchi maskini. Alikuwa akiwaza Marekani na hofu ya kudorora kwa uchumi baada ya vita, na mwaka 1957 alikiri kwamba dhamiri ilikuwa ikimsuta kwa jinsi kazi yake ilivyogeuzwa nadharia ya ukuaji wa muda mrefu. Wenye mikopo na misaada hawakumsikia. Hesabu iliingia kwenye majedwali ya Benki ya Dunia ikakaa humo miongo kadhaa, na sababu naielewa kabisa: inakupa kiasi cha fedha, na mtu mwenye fedha za kugawa anataka kiasi.

Mchumi William Easterly, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, aliichukua Zambia akaijaribu. Aliuliza: kama msaada wote ungegeuka uwekezaji, na uwekezaji ungegeuka ukuaji kama hesabu inavyoahidi, Mzambia wa kawaida angekuwa na kipato gani mwaka 1994? Jibu lilikuwa kama dola 20,000 kwa mwaka. Kipato halisi kilikuwa karibu dola 600. Ukiuliza hesabu ilivunjika wapi, ni mahali pawili. Msaada haukuwa lazima uende kwenye uwekezaji, maana shilingi inayoingia kwa mlango mmoja huruhusu nyingine itoke kwa mlango wa pili. Na uwekezaji uliofanyika ulikutana na bei ya shaba iliyoporomoka na viwanda visivyo na malighafi. Ni mashine ya pili ya kijijini kwetu, ila kwa ukubwa wa nchi.

Kuna na ubaya mwingine ambao huwa tunaunyamazia. Kwa kuwa pengo ni kile kinachobaki baada ya akiba, nchi inayoweka akiba kidogo huonekana kuhitaji zaidi. Sisemi kuna waziri aliyekaa akapanga hivyo. Nasema jedwali halimpi sababu ya kujibana.

Pamoja na hayo sitaki hesabu hii itupwe. Naitumia mpaka leo, ila naisoma kinyumenyume. Badala ya kuuliza tunahitaji fedha ngapi, nauliza: lengo hili linadai uwiano gani, na tumewahi kuufikia? Kenya ilipoandika Dira ya 2030 ililenga ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka. Hata ukiwekeza asilimia 30 ya pato, ambayo ni nyingi, lengo hilo linakudai uwiano wa 3 kila mwaka, mfululizo, miaka ya ukame ikiwemo. Hapo mjadala unahama kwenye fedha na kuingia kwenye umeme, bandari na mahindi, yaani unakwenda kwa watu wanaojua kwa nini mashine zinalala.

Ripoti ikikufikia mkononi, tafuta namba mbili tu: uwekezaji inaosema unatakiwa, na lengo la ukuaji. Gawanya. Kisha fanya hivyo hivyo kwa miaka mitano au kumi iliyopita, ulinganishe. Kwenye karatasi yetu ile ungepata 23.2 kwa 8, yaani 2.9, ilhali historia yetu ilikuwa 4. Na uwekezaji wa asilimia 23.2 kwa uwiano wa 4 hauleti ukuaji wa asilimia 8. Unaleta 5.8. Hilo lingeweza kuandikwa kwenye ukurasa ule ule, na nafasi ilikuwepo.

Karatasi ilichapishwa na 2.9 yake. Jirani wa mjomba naye bado ana mashine yake. Anaifungua siku za gulio.