Angalia picha kwanza, kamusi baadaye

Anayeagiza bidhaa Taobao bila kujua Kichina hupiga picha ya skrini ya bidhaa, kisha huiachia simu itoe maandishi yaliyomo. Mstari wa vitufe ulio chini kabisa humrudia hivi:

店铺客服收藏加入购物车立即购买

Alama 15 mfululizo, bila nafasi hata moja. Ili kujua kitufe kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, wengi hukimbilia kamusi hapohapo, nami naona hapo ndipo wanapopotea. Kamusi itakuambia 加入 ni neno, maana yake kutia, na 购物车 ni neno, maana yake kikapu cha manunuzi. Ni kweli tupu, ila utahesabu vitufe viwili mahali penye kimoja. Kosa lenyewe hata halionekani, maana 购物车 peke yake ni kitufe halali kwenye ukurasa wa mwanzo wa programu hiyohiyo.

Rudi kwenye picha. Kushoto kwa kawaida kuna aikoni tatu, na kila moja ina maandishi yake chini, yamepangwa katikati yake. Aikoni tatu, lebo tatu: 店铺 duka, 客服 huduma kwa wateja, 收藏 kuhifadhi bidhaa unayoipenda. Kulia kuna vitufe viwili vinene vilivyogusana, na mpaka wake ni pale rangi inapobadilika: 加入购物车, tia kikapuni, kisha 立即购买, nunua sasa. Kama rangi hazisaidii, pima mwendo. Kila alama ya Kichina hukaa kwenye mraba wa ukubwa uleule, kwa hiyo umbali kutoka alama hadi alama haubadiliki ndani ya lebo. Unaporefuka ghafla, lebo imekwisha.

Kipimo hicho nacho kina mtego. Tovuti nyingi za ofisini hujengwa kwa Ant Design, seti ya vitufe na fomu zilizo tayari, ambayo kwa kawaida huingiza nafasi kati ya alama mbili za kitufe ili kisionekane kimebanwa. Utaona 确 定 na 取 消, yaani “sawa” na “ghairi”, ukadhani ni vitufe vinne. Tazama fremu: kila fremu inabeba alama mbili. Pasipo na fremu, sasa ndiyo zamu ya kamusi, maana 定 ikibaki peke yake ni kitufe cha ajabu.

Kwa Kijapani kuna ushauri mwingine unaosambaa: kata pale hiragana, herufi za sauti za Kijapani, inapoishia na kanji, alama zilizotoka Kichina, kuanza. Ujaribu kwenye 上書き保存名前を付けて保存 uone. Utapata vipande vinne, ilhali lebo ni mbili tu: 上書き保存, hifadhi juu ya faili lililopo, na 名前を付けて保存, hifadhi kwa jina jipya. Hiragana zimo ndani ya lebo zote mbili. Kwa hiyo mtu akinitumia mstari kama huo umenakiliwa bila picha, sianzi kukata. Namwomba picha.